Majengo yamepanda milioni 320, lakini mkaguzi anasema faida ishuke milioni 30. Yuko sawa?

Alizeti_Kizota (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua viwango.

Kampuni inakamua alizeti, kiwanda kipo Kizota hapa Dodoma, na tuna ghala moja Singida mjini. Mwaka 2023 tulihama kutoka gharama ya awali kwenda uthaminishaji. Mthamini aliyesajiliwa alileta ripoti ya tarehe 31 Desemba. Jengo la Kizota (jengo tupu, ardhi kaitenga) lilijengwa kwa milioni 600, muda wa matumizi miaka 40, limetumika miaka 8, kwa hiyo uchakavu uliolimbikizwa ni milioni 120 na thamani ya vitabuni 480. Yeye kasema lina thamani ya milioni 800. Ghala la Singida vitabuni lilikuwa milioni 150, kasema 120.

Mimi nikapiga 320 toa 30, nikapata 290, nikaiweka kwenye faida kama mapato mengine. Mkaguzi akairudisha. Anasema 320 iende kwenye mapato mengine jumuishi, ile OCI, ila hasara ya 30 ya Singida ibaki kwenye faida. Bosi amechachamaa. Anasema mali zimepanda, halafu faida inashuka? Na hesabu hizi anataka azipeleke benki kuombea mkopo wa mashine mpya ya kukamulia. Nimjibu nini?

---

Mzee_wa_Kikuyu

Mkuu, jibu ni jepesi. Hiyo 320 hujaipokea. Hakuna aliyekulipa. Faida ambayo haijatimia haiingii kwenye faida na hasara, inakaa OCI hadi siku utakapouza jengo, ndipo inatoka huko na kuingia kwenye faida. Hasara yenyewe inaingia mapema kwa sababu ya tahadhari. Basi, mwambie bosi avute subira, akiuza ataiona.

---

Daftari_Kuu

Mzee, heshima yako, lakini hapo kuna nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki itamponza mwenzetu.

Kigezo cha kutimia au kutotimia hakitoshi kueleza OCI. Chukua kampuni hiyohiyo, jengo lilelile, ila badala ya kukamulia alizeti ndani yake, wanalipangisha tu, na wamechagua kulipima kwa thamani halisi chini ya IAS 40. Likipanda milioni 320, zote zinaingia kwenye faida mwaka huohuo, na hakuna hata shilingi moja iliyopokelewa. Au kampuni ina mkopo wa dola: shilingi ikishuka Desemba, hasara ya kubadili fedha inaingia kwenye faida hata kama marejesho yataanza mwaka ujao. Hizo zote hazijatimia na zote zimo kwenye faida.

Na upande wa pili, jengo lako la Kizota ukiliuza, hiyo akiba ya uthaminishaji hairudi kwenye faida. Haitarudi kamwe. IAS 16 inairuhusu ihamie kwenye faida iliyolimbikizwa moja kwa moja, ndani ya mtaji, bila kupita kwenye taarifa ya faida. Kwa hiyo Alizeti, usimwambie bosi kwamba akiuza ataiona. Hataiona.

---

Kibaigwa_Nafaka

Samahani naingilia. Mimi nina magunia ya mahindi niliyonunua msimu wa mavuno, sasa bei sokoni imepanda vizuri tu. Kwa hiyo na mimi ninaweza kuweka hilo ongezeko kwenye hiyo OCI? Benki wangu naye anauliza mali.

---

Daftari_Kuu

Hapana ndugu. Mahindi yako ni bidhaa ya kuuza. IAS 2 inayapima kwa gharama au kwa bei utakayoyauzia ukishatoa gharama za kuuza, ile iliyo ndogo. Bei ikipanda huandiki kitu mpaka uuze. Ikishuka chini ya gharama, unaandika hasara kwenye faida. OCI haihusiki kabisa. Mwonyeshe benki orodha ya magunia na bei ya soko pembeni, lakini usiiingize vitabuni.

---

MwekaHazina_W

Mimi niko halmashauri, tunatumia IPSAS, vile viwango vya sekta ya umma. Sisi tukithaminisha majengo tunachukua kundi zima. Moja likipanda na jingine likishuka ndani ya kundi lilelile, tunakata moja kwa jingine, na salio linakwenda kwenye akiba ya uthaminishaji. Kwa hiyo 290 ya mleta mada ni sahihi, mkaguzi kakosea. Tena hatuna hiyo OCI mnayoizungumzia, inaingia moja kwa moja kwenye taarifa ya mabadiliko ya mali halisi.

---

Daftari_Kuu

Mweka Hazina, kwenu uko sahihi kabisa, na nafurahi umelisema kwa sababu Dodoma hii wahasibu wengi wanatoka serikalini kwenda kampuni binafsi au kinyume chake, na hapa ndipo wanapojikwaa. IPSAS inapima kwa kundi la mali, kwa hiyo mnakatana ndani ya kundi. IAS 16 inapima kwa mali moja moja. Jengo la Kizota lina akiba yake, la Singida lina yake. Akiba ya Kizota haiwezi kumeza hasara ya Singida.

Kinachofanana ni kwamba hata kampuni hairuhusiwi kuchagua jengo lililopanda na kuliacha lililoshuka. Ukithaminisha majengo, unathaminisha kundi lote. Ndiyo maana Singida ilibidi iingie. Lakini zikishaingia, kila moja inahesabiwa peke yake.

Sasa kwa Alizeti, maingizo ya Kizota yawe hivi, kwa milioni:

```
Dr Uchakavu uliolimbikizwa    120
    Cr Jengo                      120
Dr Jengo                      320
    Cr OCI: uthaminishaji         320
Dr OCI: kodi                   96
    Cr Kodi iliyoahirishwa         96
```

Jengo linabaki vitabuni kwa 800. Hiyo 96 ni asilimia 30 ya 320. TRA haitambui uthaminishaji wako, msingi wa jengo kwa ajili ya kodi haujabadilika, lakini vitabuni sasa unadai jengo litakuletea manufaa ya 800, na manufaa hayo yatakatwa kodi. Kodi yake inafuata kule ilikokwenda faida yenyewe, kwa hiyo nayo inakwenda OCI. Ukiiweka kwenye faida, utakuwa umeshusha faida ya mwaka kwa kodi ya faida ambayo haimo humo. Kinachobaki OCI ni 224.

Singida ni ingizo dogo: debiti hasara ya uthaminishaji 30 kwenye faida na hasara, krediti jengo 30, na kodi iliyoahirishwa ya 9 inapunguza hasara hiyo humohumo. Kwa hiyo faida baada ya kodi inashuka 21, na 30 ni kabla ya kodi. Mwaka ghala likipanda tena, sema kwa 40, basi 30 ya kwanza inarudi kwenye faida kwa sababu ndiko ilikokatwa, na 10 inayozidi ndiyo inakwenda OCI.

---

BintiMgogo_CPA

Naongeza kosa moja ambalo ukaguzi hulikuta sana. Mtu anapiga krediti moja kwa moja kwenye akiba ya uthaminishaji iliyo kwenye mtaji, hapiti OCI. Mizania inabalansi, kila mtu anafurahi. Lakini ukurasa wa taarifa ya faida na mapato jumuishi unaonyesha OCI sifuri.

Ukitaka kulikamata, chukua mtaji wa mwanzo wa mwaka, jumlisha faida ya mwaka, jumlisha OCI, ongeza mtaji mpya ulioingizwa na wenye hisa, toa gawio. Ukikosa kufika kwenye mtaji wa mwisho wa mwaka, kuna kitu kimeruka. Hapo kwa Alizeti tofauti ingekuwa 224 kamili, na namba hiyo ingejitaja yenyewe.

---

Alizeti_Kizota

Asanteni sana. Kwa hiyo mkaguzi yuko sawa. Lakini swali la bosi liko palepale: KWA NINI? Jengo limepanda kweli, hata ukiuliza madalali, tangu Serikali ihamie hapa majengo hayakamatiki. Kwa nini ongezeko la kweli lisihesabike kuwa faida?

---

Mzee_wa_Kikuyu

Nami nangoja jibu hili, maana kama si kutotimia, basi ni nini?

---

Daftari_Kuu

Mwambie bosi hivi. Jengo lile halipo kwa ajili ya kuuzwa, lipo ili alizeti ikamuliwe ndani yake. Kabla ya uthaminishaji lilikuwa na uwezo fulani wa kuhifadhi mitambo na mbegu. Baada ya uthaminishaji uwezo ni uleule, halijaongezeka hata mita moja ya mraba. Kilichopanda ni gharama ya kupata jengo kama lile. Akigawana hiyo 224 na wenzake kama faida, siku jengo likihitaji kubadilishwa watakuwa wamekula sehemu ya uwezo wa kiwanda. Hilo ndilo wazo la kulinda mtaji, na mwongozo wa dhana wa IASB, bodi inayotunga viwango hivi, bado unayataja marekebisho ya uthaminishaji kwa jicho hilo.

Angalia pia kinachofuata, maana hapa ndipo penye uhondo. Kuanzia 2024 jengo limebakiza miaka 32. Uchakavu wa zamani ulikuwa milioni 15 kwa mwaka. Mpya ni 800 kugawa kwa 32, yaani 25. Kwa hiyo uthaminishaji unapunguza faida ya kila mwaka kwa milioni 10 kabla ya kodi. Bosi anadhani alinyimwa faida, kumbe amejiongezea gharama ya miaka 32.

Kufidia hilo kiwango kinaruhusu, hakilazimishi, kila mwaka kuhamisha ile tofauti kutoka akiba ya uthaminishaji kwenda faida iliyolimbikizwa. Tofauti ni 10, toa kodi 3, unahamisha 7. Inapita kwenye taarifa ya mabadiliko ya mtaji tu.

Ukisikia mtu anasema OCI ina kanuni moja iliyo nyuma yake, mwulize ameipata wapi. Mwongozo wa dhana wa 2018 unasema taarifa ya faida na hasara ndiyo chanzo kikuu cha kupima utendaji, na kitu kinatolewa humo pale tu Bodi inapoona kwamba faida itasomeka vizuri zaidi kikiwa nje. Yaani kila kiwango kina sababu yake. Kwa maoni yangu OCI ni mkusanyiko wa maamuzi yaliyofanywa miaka tofauti, na ukiijua hivyo huhangaiki kutafuta mantiki isiyokuwepo.

---

Alizeti_Kizota

Nimeelewa sehemu ya uwezo. Sasa akiuza? Tuseme mwisho wa 2025 mtu anatoa milioni 770.

---

Daftari_Kuu

Mwisho wa 2025 vitabuni jengo lina 800 toa 50, yaani 750. Faida ya kuuza kwenye taarifa ya faida ni 20 tu. Akiba ilikuwa 224, umeshahamisha 14, imebaki 210. Hiyo inahamia kwenye faida iliyolimbikizwa siku hiyo, kimyakimya.

Ukilinganisha na kubaki kwenye gharama: jengo lingekuwa 600 toa 150, yaani 450, na faida ya kuuza ingekuwa 320, yote ndani ya taarifa ya faida. Kumbe jumla ni ileile: 20 ya kuuza, na 300 ya akiba kabla ya kodi. Kilichobadilika ni mlango iliyopitia. Hilo bosi alijue kabla ya kusaini sera, kwa sababu ukishapitisha mlango wa OCI huwezi kurudi mlango wa mbele.

Na asije akafikiri bei ikiporomoka yuko salama. Tuseme hajauza, mthamini anakuja mwisho wa 2025 anasema 400. Kushuka ni 350. Akiba ya jengo hilo kabla ya kodi imebaki 300, kwa hiyo 300 inakwenda OCI na 50 inaingia kwenye faida. Kama asingekuwa anahamisha ile tofauti kila mwaka, akiba ingekuwa 320, na kwenye faida ingeingia 30 tu. Watu wengi huchagua kuhamisha bila kuliona hili.

---

Mzee_wa_Kikuyu

Haya, nakubali kwa jengo. Ila hatifungani za Serikali ninazozijua mimi, ukiuza inarudi kwenye faida. Sikuitoa hewani.

---

BintiMgogo_CPA

Na kwa hatifungani uko sahihi, Mzee. Hapo ndipo ulipochanganya.

Chukua hatifungani iliyonunuliwa kwa milioni 100, bei kamili, riba asilimia 12, na taasisi inazishika kwa lengo la kukusanya riba na pia kuuza ikihitaji fedha. Mwisho wa mwaka wa kwanza soko linasema 94. Kwenye faida inaingia riba 12. Hasara ya 6 inaingia OCI. Sababu inaeleweka: ukishika mpaka iive utalipwa 100 yako, na yumbayumba ya bei katikati itafutika yenyewe. Mizania inaonyesha bei ya soko, faida inaonyesha riba kana kwamba imepimwa kwa gharama. (Makadirio ya hasara ya mkopaji kushindwa kulipa yapo pia na yanapita kwenye faida. Nayaacha hapa.)

Mwaka wa pili, ukishapokea riba yake, unauza kwa 92. Hasara yote tangu mwanzo ni 8, nayo inatoka OCI na kuingia kwenye faida. Kwenye OCI ya mwaka huo unaandika kushuka kwa 2, halafu unarudisha 8 kwa alama ya kuongeza, jumla OCI ni ongezeko la 6. Faida inabeba hasara ya 8. Ukijumlisha, mwaka wa pili una hasara ya 2 ukiacha riba, ambayo ndiyo tofauti ya 94 na 92.

Kosa linalotokea ni kuandika hasara ya 8 kwenye faida na kusahau kuiondoa OCI. Hapo hasara ya 8 inahesabiwa mara mbili, na akiba ya thamani halisi inabaki na salio hasi la hatifungani ambayo hamnayo tena. Ukiona akiba ina salio na orodha ya hatifungani ni tupu, anzia hapo.

---

MwekaHazina_W

Na hisa za DSE je? Chama cha akiba na mikopo ninachosaidia kina hisa za benki, wameziweka OCI.

---

BintiMgogo_CPA

Hisa ni tofauti tena. Hisa isiyo ya biashara unaweza kuchagua siku ya kuitambua kwamba mabadiliko ya thamani yaende OCI, na uchaguzi huo haurudi nyuma. Gawio linaingia kwenye faida. Lakini ukiuza, hata kwa faida ya fedha taslimu mkononi, faida hiyo hairudi kwenye taarifa ya faida. Kwa hiyo Mzee, hii hapa imetimia na bado haimo.

---

Mzee_wa_Kikuyu

Hilo sasa si haki. Fedha ipo benki, imehesabiwa, halafu si faida?

---

Daftari_Kuu

Wako wengi wanaolalamika kama wewe, na sidhani wamekosea kabisa. Sababu ya IASB ilikuwa kwamba ukiruhusu irudi, utahitaji pia kipimo cha lini hisa imeharibika thamani kiasi cha kuiingiza hasara kwenye faida kabla ya kuuza. Chini ya IAS 39 kipimo hicho kilikuwa ugomvi kila mwaka: kushuka "kukubwa au kwa muda mrefu" ni asilimia ngapi, ni miezi mingapi, kila taasisi na lake. Wakaona bora kufuta vyote viwili. Kuna faida ya pili pia: meneja ambaye mwaka umemwendea vibaya hawezi kuuza hisa zilizopanda Desemba ili kupamba faida. Ila kwa mwekezaji wa muda mrefu, taarifa ya faida inaonyesha gawio tu na inaficha kama alichagua hisa vizuri au vibaya.

---

Alizeti_Kizota

Nimempelekea bosi ile hesabu ya uchakavu wa 25. Amenyamaza kwanza, halafu kauliza mawili. Benki wataiona hiyo 224? Na ile 7 ya kila mwaka ikishaingia kwenye faida iliyolimbikizwa, anaweza kuigawa kama gawio?

---

BintiMgogo_CPA

Benki wataiona. Mtaji umeongezeka 224 kabla hujatoa 21 ya Singida, na uwiano wa deni kwa mtaji utaonekana mzuri zaidi. Lakini wakipima faida dhidi ya riba, ongezeko la uchakavu litakuumiza kidogo, isipokuwa kama wanapima kabla ya uchakavu. Soma masharti ya barua ya mkopo, wengine wanaitoa akiba ya uthaminishaji kwenye mtaji kabla ya kupiga uwiano.

---

Daftari_Kuu

La gawio: 224 yenyewe asiiguse. Ile 7, mimi naona ni sawa, kwa sababu inarudisha tu kile ambacho uchakavu wa ziada ulikikata kwenye faida. Asingethaminisha angekuwa nayo.

---

MwekaHazina_W

Mimi hapo siafiki. Akiba ilitokana na makadirio ya mthamini, ukiikata vipande 32 haibadiliki kuwa fedha. Aulize wakili wa kampuni asome katiba yao kwanza.

---

Daftari_Kuu

Wakili aulizwe, sipingi. Ila gharama ya 25 nayo ilitokana na mthamini yuleyule. Huwezi kukubali makadirio yake yanapopunguza faida na kuyakataa yanapoirudisha.

---

Alizeti_Kizota

Nitamwuliza wakili. Swali la mwisho: mthamini alitenga ardhi ya Kizota, na nayo imepanda kuliko jengo. Tunayo kwa hati ya miaka 99. Mkaguzi anaiita haki ya kutumia chini ya IFRS 16, mwenzake ofisini kwao anasema ni mali ya kawaida ya IAS 16. Nani kati yao?

---

BintiMgogo_CPA

Weka hapa namna mlivyoiandika vitabuni mlipoinunua na kama kuna kodi ya pango la ardhi mnayolipa kila mwaka, ndipo tuendelee. Bila hayo tutabishana hadi asubuhi.